Maoni Sita Aliyoyafuta Chujio

Ofisini walimwita Chujio, na jina lilimkaa hata mhasibu akawa halikumbuki lake halisi. Kazi yake ilikuwa kusoma. Watu walioagiza mafundi kupitia tovuti yao, wa bomba, wa umeme, wa friji, wa hita, waliandika jinsi walivyohudumiwa na kutoa nyota. Maoni mengi yalipita yenyewe. Yale yenye walakini yaliletwa kwenye meza yake, pale kwenye kona karibu na printa mbovu, na yeye ndiye aliyeamua yapi yabaki na yapi yaondoke.

Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Kuna fundi wa bomba aliyesifiwa na wateja kumi na wanne kwa siku moja, wote wakitumia simu ileile. Mmoja wao alikuwa mke wake, na maskini alisahau kuondoa picha ya harusi kwenye akaunti! Chujio alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akafuta yote kumi na manne na kumpa fundi onyo. Wenye hasira hakuwafuta ovyo. Mtu akiandika "huyu fundi ni punda, aliniachia nyaya wazi," alimrudishia maandishi yake kwa upole: toa punda, acha nyaya. Na mafundi waliopiga simu kudai maoni mabaya yaondolewe aliwajibu kwa kifupi, "Una nafasi ya kujibu chini yake, bwana. Mteja kutokuridhika si kosa."

Ila kuwa hodari sana nako kuna ubaya wake. Mtu anafika mahali anaamini jicho lake kuliko kitu kingine chochote.

Jumanne moja yaliingia maoni sita ndani ya dakika arobaini. Yote ya nyota moja, yote juu ya fundi mmoja wa hita za gesi, fundi aliyekuwa na sifa nzuri kuliko wenzake wote. Akaunti zote sita zilifunguliwa asubuhi hiyohiyo. Zote zilitumia intaneti ya nyumba moja. Hakuna hata moja iliyowahi kuagiza kazi. Na maneno yalifanana: amemuua ndugu yetu, muuaji, msimwite. Wiki iliyotangulia tu mafundi wawili wa friji walikuwa wamechafuliana majina kwa mtindo huohuo. Chujio akasonya. "Hawa nao wamezidi," alimwambia mkuu wa kitengo aliyekuwa akipita na kikombe chake. "Sasa wanazushiana mpaka vifo."

Akafuta. Dakika mbili hazikufika.

Sheria ya kazi yao aliijua, maana aliiandika yeye. Kukitajwa hatari, maoni yanafichwa kwanza, hayafutwi, na taarifa inapelekwa siku hiyohiyo kwenye dawati la usalama, yawe ya kweli au ya uongo. Uongo unachunguzwa baadaye. Siku ile aliruka hatua ya kwanza kwa kuwa alishajua jibu la ya pili. Tovuti ikawatumia wale sita ujumbe wake wa kawaida: maoni yako yameondolewa kwa kuwa hayatokani na huduma halisi.

Siku ya kumi na tisa baada ya kuyafuta, mapokezi wakamwita. Kwenye kiti cha plastiki alikaa mama wa makamo, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesoma?"

"Ndiye mimi."

Mama akafungua mkoba, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Hii ya mwanangu. Mnasema hatukuagiza kazi. Ni kweli, sisi hatukuagiza. Aliagiza yeye. Tazama."

Chujio akatazama. Oda ilikuwepo, namba ya kazi ilikuwepo, tarehe tatu, kufunga hita ya gesi bafuni. Mama akatoa na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne: kijana alikufa tarehe tano kwa hewa ya sumu, ile isiyo na rangi wala harufu. Bomba la kutolea moshi nje halikuunganishwa kabisa.

"Tulikuwa msibani," mama alisema. "Wadogo zake wote walikuwa nyumbani. Tukakubaliana kila mmoja aandike, watu wasije wakamwita tena. Mkatujibu ni uongo. Mdogo wake wa mwisho alilia siku nzima. Aliniuliza, mama, kwani kaka hakufa?"

Mteja wa kweli, yule mmoja tu ambaye mfumo ungemtambua, ndiye aliyekuwa kaburini. Na yeye mtu wa kufikiri, wa kucheka picha za harusi, hakufikiri hilo. Aibu ilimshika, na chini ya aibu ikaja hofu.

"Mama, nisubiri kidogo. Naomba uje ukae mezani kwangu."

Hakumngoja mkuu. Alisimamisha ukurasa wa fundi, akapigia simu dawati la usalama, akatoa orodha ya kazi alizofanya fundi huyo tangu ile Jumanne. Nyumba tano. Akazipigia moja baada ya nyingine: zimeni hita, fungueni madirisha, tokeni nje, anakuja fundi mwingine kukagua. Wanne walipokea upesi. Wa tano, dada mwenye sauti nzito ya usingizi, alibisha.

"Mbona mimi nilisoma maoni yote kabla ya kumwita? Hakuna aliyelalamika. Halafu saa hizi siwezi kutoka, kichwa kinaniuma, na mtoto anatapika tangu asubuhi."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama akanyoosha mkono akachukua simu.

"Mwanangu, mbebe mtoto utoke sasa hivi. Mlango uache wazi. Usirudi kuchukua kitu, sikiliza, toka halafu mwende hospitali." Akasikiliza. "Mimi? Mimi ndiye niliyeandika yale maoni. Hukuyaona, walikuwa wameyafuta."

Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali.

Baada ya saa moja hospitali ilithibitisha kwamba dada yule na mtoto wake walikuwa salama. Mkuu wa kitengo alikuja, akaomba radhi kwa maneno mengi, akasema maoni yarudi, na kwamba fundi atapewa nafasi ya kujibu kama kila mtu. "Ajibu," mama alisema. "Namngoja."

Aliandika kwa simu ya mwanawe, kwa kidole kimoja. Chujio akasoma, na hapo ikabaki sehemu ngumu kuliko zote.

"Mama, nisamehe. Hili neno muuaji... Polisi wanachunguza, mahakama haijasema. Siwezi kuliruhusu. Andika alichofanya, kama kilivyo."

Mama akamtazama. "Wewe unaniambia mimi nipunguze?"

"Ndiyo, mama." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Sina haki, lakini ndiyo."

Mama akavuta pumzi, akafuta neno, akaandika upya. "Alifunga hita tarehe tatu. Bomba la moshi hakuliunganisha. Mwanangu aliingia kuoga tarehe tano, nami nikamgongea mlango."

Akamsogezea simu. "Safari hii mtayaacha?"

"Yatabaki, mama."

"Basi bonyeza wewe. Mimi nilishabonyeza mara ya kwanza."