Hela ya Mguu wa Mama

Nilipoanza kazi ya kuhudumia wazee Uingereza, katika jiji la Leeds, nilikuwa natuma hela nyumbani kupitia duka moja karibu na kituo cha basi. Kwenye kioo walibandika tangazo: kutuma Afrika, hakuna ada. Mimi niliamini. Mwaka mzima nilipanga foleni pale kila baada ya mshahara, nikidhani nimepata bure.

Aliyenifumbua macho ni Mkongomani tuliyefanya naye kazi zamu moja. Alikuwa amekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi kwetu Kasulu kabla ya kuletwa huku, na Kiswahili chake kilinikumbusha soko la nyumbani.

"Usiulize ada, dada," aliniambia tukiwa jikoni. "Uliza mama atashika shilingi ngapi."

Alifungua programu mbili kwenye simu yake, akaandika paundi mia tatu katika kila moja. Moja ilitoza ada ndogo, lakini paundi waliibadilisha kwa bei iliyokaribia ile ya benki; ya pili bei yake ilikuwa mbaya. Nikatoa risiti yangu ya dukani ya kiasi hichohicho, tukalinganisha. Duka halikuwa na ada kwa sababu lilijilipa kwenye bei ya kubadilishia. Tofauti ilikaribia shilingi elfu thelathini. Kule kijijini kwetu Makere hiyo inalipa vibarua wa kupalilia maharage, na ya sabuni inabaki.

Nikahamia kwenye programu ile yenye bei nzuri. Nalipa kwa kadi ya benki, hela inaingia kwenye simu ya mdogo wangu wa kiume, naye anatoa kwa wakala. Nikajifunza pia kuongeza ile ada ya kutolea kwa wakala, maana bila hivyo mama anapata pungufu.

Kisha mama akaanguka. Alikuwa anatoka shambani, mvua imelainisha njia, na paja likavunjika. Walimfikisha hospitali Kasulu, wakampiga picha, daktari akasema lazima apelekwe Kigoma mjini kuwekewa chuma. Ndugu walitakiwa kuchangia mafuta ya gari, na kule Kigoma matibabu yana malipo yake.

Nilikusanya akiba yangu yote, nikaituma kwa mkupuo mmoja kwenye programu niliyoizoea. Simu ikaniandikia kwamba muamala umesimamishwa: kiasi kimezidi nilichozoea kutuma, nionyeshe hati za mshahara, wazikague kwa siku mbili za kazi. Ilikuwa Ijumaa jioni. Siku mbili za kazi maana yake Jumanne.

Mdogo wangu akapiga. Nyuma yake nilisikia mama akilalamika kwa Kiha.

"Dada, imetoka?"

"Imekwama."

"Sasa tufanyeje? Gari lipo, dereva anasubiri."

Nilikaa kitandani nikajilazimisha kufikiri. Si hela yote iliyohitajika usiku ule. Mafuta na malipo ya kuanzia ndiyo yasiyongoja; operesheni yenyewe ingefanyika wiki ijayo. Nikaghairi ule muamala mkubwa. Kwenye akaunti yangu kulikuwa na kiasi kidogo cha matumizi ya mwezi. Nikakituma kupitia kampuni nyingine, ya bei mbaya, lakini mpokeaji anachukua taslimu papo hapo.

Baada ya muda, mdogo wangu akapiga tena, sauti imepanda. "Huku kwa wakala wanakataa! Wanasema jina si langu."

Nilikuwa nimeandika jina lake la nyumbani, lile la Kiha tunalomwitia tangu utoto. Kitambulisho chake kina jina la kanisani. Nikapiga simu kwa kampuni, nikajibu maswali yao, wakarekebisha. Mdogo wangu alichukua hela wakati mwenye duka la wakala tayari ameshika kufuli. Mzee yule, Mwislamu mwenye asili ya Tanga, alikubali kumngojea. "Nenda, mwanangu," alimwambia. "Mama ndiye anayesubiri, mimi nyumbani nafika tu."

Mama aliondoka Kasulu usiku huohuo. Akiba yangu ilirudi kwenye akaunti Jumatatu. Nikatuma hati za mshahara, nikapita njia ya bei nafuu, na ikafika kabla ya siku ya operesheni.

Niliporudi likizo nilimkuta mama anatembea kwa fimbo, polepole, akinizuia nisimshike mkono. Jioni moja akaniuliza ile hela ya haraka ilinigharimu nini. Nikamweleza yote: bei, ada, kukwama. Alisikiliza akichambua maharage.

"Kwa hiyo ile ya haraka ilikula nyingi?"

"Ilikula, mama."

Akatupa kijiwe pembeni. "Haya. Ile ilikuwa ya siku mbaya. Za siku za kawaida endelea kuzitafutia njia ya bei nafuu." Kisha akanisogezea ungo, nichambue upande wangu.