Saini ya Thelathini

Maabara ya fizikia sasa ina kimya cha kijinga. Hakuna tena anayeangusha nati sakafuni.

Aliyekuwa akiziangusha ni mtunza maabara, mama wa miaka hamsini na ushei, wanafunzi wakimwita Mama Nati. Mhadhiri wa somo, ambaye hageuki usipomwita Daktari, alikuwa akimtuma chai. Kufundisha kwake kulikuwa kusoma slaidi ukutani kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dawa, kisha huyoo, keshaondoka.

Msichana mmoja alikuwa amelifeli somo hilo mara mbili. Mara ya tatu angefukuzwa chuo. Alikuja maabara na slaidi amezichapisha, akakiri haelewi hata mstari. Mama Nati hakumbembeleza. Alimwambia amezirundika fomula kichwani kama vijiko kwenye droo. Akitaka kijiko, anatoa uma.

Kisha akaweka nati mbili ukingoni mwa meza. Kwa pigo moja la rula, moja ikaruka mbele, nyingine ikadondoka palepale. Sakafu ikalia mara moja tu.

"Umesikia milio mingapi?"

"Mmoja, mama."

"Basi kwenda mbele hakucheleweshi kuanguka. Ni kazi mbili, kila moja na kasi yake. Usizichanganye."

Wakafika slaidi ya saba: mpira umepigwa kwa mita ishirini kwa sekunde, nyuzi thelathini kutoka ardhini; utaangukia umbali gani? Kasi ya wima, akasema Mama Nati, ni ishirini mara saini ya thelathini.

"Saini ya nani?"

Mama Nati alicheka hadi miwani ikateleza. Saini ya hesabu, akasema, si ya kalamu: ni wima kugawanya kwa mshazari. Akachora pembetatu: upande wa mshazari ishirini, wima kumi, mlalo kumi na saba nukta tatu. Uvutano unakula kumi za wima kila sekunde, hivyo mpira unapanda sekunde moja na kushuka sekunde moja. Ya mlalo, tukiisahau hewa, haiguswi. Mara sekunde mbili, basi: mita thelathini na nne nukta sita.

Slaidi ilisema sitini na tisa. Daktari alikuwa ameitia ishirini nzima kwenye wima, mpira ukakaa angani sekunde nne. Miaka sita ameisoma hivyo, bila haya.

Mtihani ukaleta swali lilelile. Msichana akaandika thelathini na nne nukta sita, akakatwa alama za swali, akafeli kwa pengo la alama tatu.

Mama Nati akapanda ofisini na ile pembetatu. Mkuu wa idara alikuwepo. Daktari akasema kazi ya mtunza maabara ni kuosha chupa.

"Nitaosha," akajibu. "Nionyeshe kwanza wima iliyo sawa na mshazari wake."

Daktari aliitazama karatasi muda mrefu, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Akarekebisha alama, akatia saini. Wiki hiyohiyo akatia saini nyingine, kwenye barua ya uhamisho.

Msichana yuko mwaka wa pili. Mama Nati yuko ghala la viti vibovu, nyuma ya jengo la utawala.