Shemeji na Ng'ombe Asiyejua Likizo

Mwalimu mkuu alistaafu lakini tai haikustaafu. Aliivaa hata kwenda dukani kununua kiberiti. Alipoamua kununua ng'ombe wa maziwa alisoma vijitabu viwili, akapigia mistari, kisha akawatangazia majirani kwamba ufugaji ni sayansi. Mkewe hakubishana naye. Alimwambia tu, "Nenda na dada."

Dada huyo, shemeji yake Mwalimu, alikuwa mkamuaji. Miaka ishirini na sita alikamua ng'ombe wa watu, mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Ndoo. Shule aliiacha darasa la nne, na Mwalimu hakukosa kulitaja hilo kila alipopata wasikilizaji.

"Basi aje anishikie mwavuli," akasema.

Uani kwa dalali palifungwa ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa mnene, anang'aa kama kiatu cha harusi, na kiwele chake kimejaa hadi kinamtanua miguu. Amesimamishwa juu ya majani makavu yaliyomfika karibu magotini. Wa pili alikuwa kwenye kona, mbavu zinaonekana, nyonga zimechomoza kama misumari ya kutundikia makoti.

"Huyu ndiye!" Mwalimu alimpiga yule mnene kofi la upendo. "Angalia umbo!"

"Mwalimu ana jicho," dalali alisema. Alishajua amepata mtu wa kumla.

Mama Ndoo alimwangalia yule mnene kutoka nyuma, kisha ubavuni. "Huyu chakula anakipeleka mgongoni. Wa maziwa huwa mwembamba shingoni, anapanuka kwenda nyuma, na tumbo limeshuka, lina nafasi. Shemeji, unanunua maziwa au nyama?"

"Kitabuni wamesema afya njema."

"Afya na mafuta ni ndugu wa mbali." Akamgeukia dalali. "Mtoe kwenye majani, atembee hapo kwenye saruji."

"Amechoka, mama."

"Nami nimechoka. Mtoe."

Ng'ombe alitoka. Kwato za nyuma zilikuwa ndefu, zimejikunja mbele kama viatu vilivyoloa, na kila hatua mgongo uliinuka kwa maumivu. Mwalimu akasema ni mwendo wa maringo.

Mama Ndoo akachuchumaa. Chuchu zilikuwa zikidondosha maziwa zenyewe. "Amekamuliwa lini?"

"Leo alfajiri."

"Alfajiri ya jana," akamsahihisha. Alikamua kila chuchu mara mbili tatu kwenye kikombe cheusi. Tatu zilitoa maziwa safi. Ya nne ilitoa maji yenye mabonge. "Hii inatoa mtindi wenyewe. Kiwele kinaumwa." Akaendelea kukamulia ndooni mpaka maziwa yakakoma, lakini kiwele kilibaki kikubwa na kigumu vilevile. Chema kingenywea na kulegea kama mfuko mtupu. Hiki kilijaa nyama.

Dalali akakimbilia daftari. Kila siku lita kumi na nane, asubuhi kumi, jioni nane, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mwalimu aliusifu mwandiko.

"Alizaa lini?" Mama Ndoo aliuliza.

"Tarehe tano, mwezi wa tatu."

"Na mwezi wa pili wote ameandikiwa lita kumi na nane, hadi siku ya kuzaa. Ng'ombe hupumzishwa kama miezi miwili kabla ya kuzaa. Huyu wako hajui likizo?"

Dalali alikohoa, akafungua daftari la pili.

Daftari la yule wa kona lilikuwa na madoa na kurasa zilizokunjwa. Baada ya kuzaa alianzia lita kumi na tano, akapanda hadi ishirini mwezi uliofuata, akashuka polepole, na wiki moja akaanguka hadi tisa: "homa". Miezi miwili kabla ya uzazi uliofuata, kurasa tupu. Kwato zake zilikuwa fupi, zimekanyaga sawasawa, na kiwele kilipokamuliwa kilisinyaa mikononi.

"Lakini ana sura mbaya," Mwalimu alinong'ona. "Majirani watasemaje?"

"Wakija, mfunike shuka."

Mwalimu akamnunua yule wa kona, shingo upande. Mwezi haukuisha, majirani wakaanza kupanga foleni ya maziwa mlangoni kwake. Hapo Mwalimu akakumbuka vizuri jinsi yeye mwenyewe alivyochagua. "Nilitazama mbavu," aliwaambia, akinyoosha tai. "Dalali alitaka kunibambikia lidude la mafuta. Nikamuuliza, huyu hajui likizo?" Mama Ndoo alikuwepo, anasuuza ndoo. Kicheko kilimpanda akakimeza.

Siku hizi watu humwita Mwalimu awakagulie ng'ombe wao, na yeye huenda, mradi shemeji aje "kushika kamba". Juzi, mbele ya kundi zima, alizunguka ng'ombe mmoja mara tatu, akatikisa kichwa kwa hekima, akaanza mzunguko wa nne. Mama Ndoo akamkuna ng'ombe shingoni, akamwambia kwa sauti ya kufika mbali:

"Pole mama, na hiyo chuchu ya nyuma kushoto iliyokufa."

"Chuchu ya nyuma kushoto," Mwalimu akatangaza, "imekufa."

Watu wakampigia makofi. Kidole chake kilikuwa kimeelekea chuchu ya kulia.