Kidole Kimoja Nchi Kavu

Siangalii vidole vyangu ninapoandika tarakimu. Ofisini nilikatazwa kuandika bila kuangalia, nikaambiwa ni maringo, na bado siangalii.

Ofisi yetu ilikuwa Kigoma mjini, vyumba viwili juu ya duka la nyavu na maboya. Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka kwa boti ufukweni, kaskazini mwa mji, wakipumzishwa, kisha wakipakiwa kwenye mabasi na kupita Kidahwe kuelekea kambini. Kila asubuhi tuliletewa karatasi za hesabu kutoka ufukweni: kaya ngapi, wanaume wangapi, wanawake, watoto wa umri wa shule, watoto wadogo, wazee. Kazi yangu ilikuwa kuziingiza kwenye jedwali na kulituma kabla ya saa nne, kwa sababu chakula cha mchana na mabasi vilipangwa kwa jedwali hilo.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia na nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango ninarudi kuutikisa, kisha ninawaza kama kwa kuutikisa nimeufungua. Mtu wa namna hiyo ukimpa ukurasa mzima wa tarakimu umempa ugonjwa. Ndiyo maana nilijifunza kuandika bila kuangalia. Anayeangalia vidole huinua macho kwenye karatasi, akayashusha kwenye vitufe, akayainua kwenye kioo, na katika kupanda na kushuka huko huruka mstari. Mimi macho yangu yalibaki kwenye karatasi.

Bosi hakupenda. Yeye aliandika kwa vidole viwili, akivitafuta vitufe kimoja kimoja kama anayechambua mchele.

"Mpiga kinanda," aliniita. "Hivi herufi zimechorwa juu ya vitufe ili nani aziangalie?"

"Anayejifunza, bosi."

"Na wewe ulishahitimu."

"Nilihitimu Ujiji."

Alicheka, akidhani ni utani. Lakini kweli nilifundishwa Ujiji, na shangazi yangu niliyekuwa nikiishi kwake. Alikuwa mpiga chapa wa serikali mpaka alipostaafu, na aliweka taipureta yake sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, kama wengine wanavyoweka redio. Nilipopata kazi alinikalisha mbele ya kompyuta ya ofisi niliyoruhusiwa kwenda nayo nyumbani, akanifunika mikono kwa kanga.

"Vidole vinne vya kushoto vikae A, S, D, F. Vya kulia J, K, L na nukta mkato. Hapo ni nyumbani. Herufi hazina taabu, ziko jirani. Tarakimu ziko safu ya juu kabisa, na huko ndiko watu wanakopotelea."

Akanionyesha. Moja ni ya kidole kidogo cha kushoto, mbili ya cha pete, tatu ya cha kati, nne na tano za cha shahada. Kulia, sita na saba ni za shahada, nane ya kati, tisa ya pete, sifuri ya kidole kidogo. Vidole hupanda vikielemea kushoto kidogo, mikono yote miwili, kwa sababu safu hazikupangwa wima. Wanaoanza huinua kiganja kizima kufuata tarakimu, kisha hawajui pa kurudi.

"Umeona mtu anavyopanda boti pale gati?" aliniuliza. "Mguu mmoja unaingia, mmoja bado uko nchi kavu. Ukiinua yote miwili umeangukia ziwani. Shahada ikipanda, kidole kidogo kibaki nyumbani. Kidole kidogo kikipanda, shahada ibaki. Kimoja nchi kavu, siku zote."

Na kila mwanzo wa mstari nilitakiwa kupapasa vinundu viwili, kile cha F na kile cha J, ambavyo viliwekwa hapo kwa ajili ya wasioangalia. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Kompyuta ile ilikuwa imetumika na wengi kabla yangu, na kinundu cha J kilikuwa kimelika mpaka kikawa laini. Nilijua. Nikajizoesha kutegemea F peke yake.

Jumanne moja boti zilikuwa nyingi. Karatasi ya mwisho ilifika saa tatu na nusu, nikanywa chai huku nikiisoma. Nikaweka kikombe, nikarudisha mkono wa kulia mezani, nikaandika. Nakumbuka nilihisi kitufe cha Enter kimesogea karibu na kidole changu kidogo, nikafurahi, nikadhani mkono wangu sasa umekua. Nikatuma jedwali saa nne kasorobo.

Alhamisi bosi aliingia na taarifa kutoka kambini. Walioshuka kwenye mabasi walihesabiwa watu 481. Jedwali letu lilisema 515.

"Watu thelathini na wanne hewa," alisema. "Wamekula wali hapa ufukweni, halafu wameyeyuka kabla ya Kidahwe."

Aliyehesabu ufukweni alikuwa mama mmoja wa Kirundi, mwenyewe mkimbizi wa boti za mwanzo, mwalimu huko alikotoka. Alivaa kizibao cha buluu cha wahesabuji, na kwa kizibao hicho aliruhusiwa kukaa ufukweni badala ya kwenda kambini, akiwasubiri dada zake wawili waliokuwa hawajavuka. Bosi alimwita. Alifika na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Amahoro," alinisalimu mimi kwanza, kisha akamgeukia bosi. "Nimeitwa."

"Mama, hawa thelathini na wanne ni ndugu zako?"

"Ndugu zangu ni wawili, mzee, na hawajafika. Wangefika ningewaandika wawili."

"Utavua kizibao mpaka Jumatatu. Jumatatu tunaamua kama unapanda basi kwenda kambini na wenzako."

Alikivua palepale, akakikunja vizuri kama nguo ya kupeleka kanisani, akakiweka juu ya meza yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Akatoka kukaa kwenye benchi la nje kusubiri gari la kumrudisha.

Nilibaki na kizibao mbele yangu. Moyo wangu ulianza kazi yake ya kawaida. Labda ameongeza kweli. Labda kambini wamehesabu vibaya. Nikatoa karatasi yake ya Jumanne kwenye faili, nikaiweka kando ya jedwali. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Watu walikuwa wamelinganisha jumla na jumla.

Wanaume: yeye aliandika 87, mimi 98. Wanawake 128, mimi 129. Watoto wa shule 167, mimi 178. Watoto wadogo 76, mimi 87. Wazee 23, na mimi 23. Na kwenye kaya, alipoandika 120, mimi nilikuwa na 12 na kistari.

Nilikitazama kistari kile. Kistari kiko kulia kwa sifuri. Nane iko kulia kwa saba. Tarakimu za mkono wa kushoto, moja mpaka tano, zilikuwa safi zote, ndiyo maana wazee walisalimika. Za mkono wa kulia zote zilisogea hatua moja. Baada ya chai shahada yangu ilikuwa imekaa juu ya K ikidhani iko J, na hapakuwa na kinundu cha kuikemea. Ningekuwa naandika maneno, sentensi ya kwanza tu ingenipigia kelele. Tarakimu hazipigi kelele. 98 ni tarakimu nzuri kama 87.

Nitakuwa mkweli: nilifikiria kunyamaza. Nilihesabu wiki zilizobaki za majaribio yangu. Niliwaza kwamba naweza kurekebisha jedwali na kuliita toleo la pili. Kisha nikasikia mama yule akikohoa kule nje, nikanyanyuka na karatasi zote mbili.

"Bosi, huyu mama hakuongeza mtu. Nimeongeza mimi."

"Unamhurumia, binti. Ni vizuri, lakini kaa chini."

"Simhurumii. Tazama." Nikaweka kompyuta mbele yake, nikaweka shahada ya kulia juu ya K makusudi, nikaandika kutoka kwenye karatasi ya mama yule bila kuangalia. Kwenye kioo zikatokea 98, 129, 178, 87, 23. Na 12 na kistari.

Alivuta kiti. Alizilinganisha mara mbili, akiweka kidole juu ya kila tarakimu.

"Kwa hiyo ni haya maringo yako."

"Ni mkono wangu, ndiyo."

"Basi kuanzia leo utaangalia vitufe kama sisi binadamu wengine."

"Hapana, bosi."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Mimi ni yule anayerudi kutikisa mlango. Lakini nilikuwa nimeshasema lile gumu zaidi, na hili lilikuwa jepesi.

"Umesema?"

"Nikiangalia nitaruka mistari, na mstari uliorukwa hauachi kistari. Kosa hili nimelikamata kwa sababu lina mpangilio. Kosa langu nitalitengeneza. Jinsi ya kuandika sibadilishi."

"Na ukikosea tena?"

"Nitavua mimi kizibao."

"Huna kizibao."

"Basi nitavua kiti."

Mwenzetu wa meza ya simu alicheka, bosi akamtazama, akaacha. Kisha bosi akachukua kizibao mezani kwangu, akasita, akanirudishia.

"Kampe mwenyewe. Na umwambie ni wewe."

Nilitoka. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, nikimwonyesha vidole hewani kama mwendawazimu. Nilisubiri anitukane.

"Mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kirundi, "muda wote huu hapa kwenye benchi nilikuwa nahesabu upya kichwani. Nilianza kuamini nimewaona hao thelathini na wanne." Alikivaa kizibao, akafunga kamba zake za ubavuni. "Kesho ukimaliza kuandika, nisomee kwa simu. Mimi nitafuata kwenye daftari."

Shangazi hakunipa pole. Alipapasa J kwa kidole chake, akasema, "Hapa nyumba haina mlango," akaleta chupa ya rangi ya kucha. Akadondosha tone moja kwenye ukingo wa chini wa kitufe, kwa kijiti cha kiberiti, tukaliacha likauke. Likawa gumu, jekundu, kubwa kuliko kinundu cha kiwandani.

Bosi aliliona kesho yake. "Umeharibu mali ya ofisi."

"Ndiyo, bosi."

Nikapapasa tone, nikapapasa F, nikaanza. Nilipoweka kikombe cha chai nilipapasa tena. Saa nne kasorobo nilipiga simu ufukweni, nikasoma tarakimu moja moja, na kule upande wa pili, katikati ya kelele za injini za boti, sauti ilikuwa ikijibu kila moja: "Ndiyo. Ndiyo. Endelea."

Bosi alisimama nyuma yangu muda wote huo, akiangalia vidole vyangu kwa niaba yangu.