Habasoda ya Puani

Nyumba yetu ya Tinde inanuka habasoda. Harufu kali ya yale mafuta meusi imeingia kwenye mito na kwenye khanga zangu, hata ugali nauona unanukia hivyo hivyo, na nimeichoka.

Mume wangu alikuwa akisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Geita. Wenzake walikuwa na desturi yao: kabla mashine haijawashwa, kila mtu anachovya kidole kwenye kichupa cha habasoda na kujipaka ndani ya pua, ati vumbi linanasa hapo. Barakoa waliziona zinaleta joto tu. Jioni walipenga kamasi la kijivu, wakaonyeshana na kufurahi kwamba dawa inafanya kazi. Ningewacheka, kama mmoja wao asingekuwa wangu.

Kikohozi kilipomrudisha nyumbani, nami nilikimbilia habasoda. Jirani anayeyauza mafuta hayo alinielekeza: kijiko kimoja na asali asubuhi, na kupaka kifuani jioni. "Inaponya kila kitu isipokuwa kifo," alisema, na mimi nilitaka sana kumwamini. Pumzi zake zilizidi kukatika.

Hospitali walimpima kifua kikuu, wakakikosa. Daktari akatuonyesha picha ya mapafu. "Mama, haya ni makovu ya vumbi la mawe. Hayafutiki."

Nikamuuliza kuhusu habasoda. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

"Imechunguzwa," alisema. "Tafiti nyingi ni ndogo. Huenda inashusha kidogo sukari na presha, na baadhi ya wenye pumu walipata nafuu kiasi. Lakini makovu haya haiyaondoi. Na ukipaka puani, unanasa lile vumbi kubwa tu. Linaloua ni laini mno, hulioni, linapita na hewa. Mawe yamwagiwe maji yanaposagwa, na mtu avae barakoa ya kuchuja vumbi."

"Sasa afanyeje?"

"Asirudi kwenye vumbi."

Mtu anayepumzika mara mbili akienda chooni, arudi wapi? Nilitoka pale na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Juzi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kuaga. Amepata kazi kwenye karasha lile lile. Nilimweleza yote, ya vumbi laini, ya maji, ya barakoa. Alisikiliza kwa adabu, macho chini.

"Nimekuelewa, shemeji."

Ndipo mume wangu akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kichupa chake na kumpa mdogo wake.

"Paka kila asubuhi," alisema, akatulia kutafuta pumzi. "Mimi siku nyingine nilikuwa nasahau."

Shemeji alikipokea kwa mikono miwili.