Maoni Niliyoyapaka Asali

Shule ninayofundisha pale Mbinga mjini hutumia Kiingereza, na ripoti za wanafunzi huandikwa kwa Kiingereza. Wazazi wengi ni wakulima wa kahawa, na waliomba maoni ya walimu yatafsiriwe. Kazi hiyo nilipewa mimi, mwalimu wa Kiswahili. Kila mwisho wa muhula naletewa rundo la ripoti, nami naandika tafsiri kwenye karatasi ndogo na kuibana kwa pini juu ya sehemu ya sahihi ya mzazi.

Sikupenda mzazi atoke shuleni ameinamisha kichwa, kwa hiyo nililainisha. Mpiga kelele nilimwita mchangamfu. Aliyewaamrisha wenzake nilisema ana dalili za uongozi. Mwalimu wa darasa la tatu, kijana mwenye haraka, alinitania ofisini kwamba ningepewa kusoma hukumu mahakamani, mfungwa angeondoka anashukuru.

Mwezi wa sita mwalimu huyo alimwandikia binti mmoja wa kijiji cha Mkumbi kwamba anahitaji kushiriki zaidi darasani. Nilimfahamu binti huyo. Daftari lake lilikuwa safi, majibu yake sahihi, na sauti yake sikuwahi kuisikia ila wakati wa kuitikia salamu. Nikaandika: "Ni mtulivu na msikivu, ana adabu njema. Tunamtia moyo ajibu maswali zaidi." Nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Mwezi wa kumi na moja ripoti iliyofuata ilikuwa na pendekezo jipya: arudie darasa la tatu. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, na mwalimu alisema hana ushahidi kwamba mtoto anaelewa Kiingereza, kwa kuwa hajawahi kumsikia akikizungumza. Aliomba kwanza tuongee na mzazi.

Baba yake alikuja asubuhi, buti zake zina udongo mwekundu, maana alikuwa katikati ya kupanda mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi. Mwalimu alipomweleza habari ya kurudia, hakupandisha sauti. Alitoa mfukoni ripoti ya mwezi wa sita, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani upande wangu.

"Madam, hapa mlimsifu. Nilimsomea mbele ya bibi yake na wadogo zake. Nikamwambia aendelee hivyohivyo."

Mwalimu mwenzangu alinitazama, kisha akatazama dirishani. Ilibidi niseme mwenyewe. Nilimweleza kwamba mwalimu hakuandika habari ya adabu. Hiyo niliiongeza mimi. Aliandika kwamba mtoto anapaswa kushiriki, nami nikaweka jambo hilo mwishoni, likasomeka kama salamu.

Akaniuliza kushiriki maana yake nini hasa, kwa vitendo. Nikasema mwalimu akiuliza swali, mtoto anyooshe mkono ajibu, hata kama hajatajwa jina.

"Basi kosa ni letu sote," akasema. "Kwetu mtoto hasemi mbele ya mtu mzima mpaka aulizwe yeye. Huyu nimemfundisha mwenyewe, na ameshika."

Aliomba binti aitwe. Alikuwa varandani, akaingia na kusimama karibu na mlango, mikono nyuma. Baba alimwambia maneno machache kwa Kimatengo, taratibu, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili nasi tusikie.

"Mwalimu akiuliza darasa zima, na wewe umeulizwa, mama. Nimekuruhusu. Hutakuwa umenikosea."

Mwalimu alichukua kitabu cha Kiingereza, akafungua hadithi ya mbuzi aliyepotea, akamwomba asome, kisha akauliza, bila kumtazama yeyote, kwa nini mbuzi hakurudi nyumbani. Binti alimtazama baba yake. Baba alitazama buti zake. Kisha mkono ukanyooka, si juu sana, ukafika usawa wa sikio. Alijibu kwa Kiingereza, sentensi mbili, akaongeza ya tatu kwamba mwenye mbuzi naye hakufunga mlango vizuri. Hiyo haikuwamo kitabuni.

Mwalimu aliuliza mengine manne, yote yakajibiwa. Akachukua kalamu, akakata pendekezo la kurudia, akaandika kwamba apande darasa la nne, ila bado anahitaji kushiriki zaidi. Akanisukumia ripoti nitafsiri.

Baba akainama mezani. "Safari hii niandikie kama alivyosema yeye, madam. Usiniwekee sukari."

Niliandika: "Anajua kazi yake. Hanyooshi mkono. Mwambieni nyumbani kwamba shuleni anaruhusiwa kusema." Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, akatia sahihi. Kisha akampa binti karatasi na kumwambia safari hii atasoma yeye mwenyewe mbele ya bibi, kwa sauti.

Binti alisema bibi hasikii vizuri.

"Ndiyo maana," akasema baba yake, nao wakatoka.