Kidevu cha Karani

Mume wangu alikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Voi miaka ile ya hamsini, na reli ilitaka makarani wake wawe na videvu vitupu. Mkaguzi Mzungu alikuwa akisimama karibu nao kabisa, akiwachungulia mashavu. Wengine walijinyoa bila taabu. Huyu wangu, kila aliponyoa, shingo ilimtoka vipele vyenye maji na damu. Nikimgusa shavu alirudisha kichwa nyuma. Nilizoea, nikaacha kumgusa.

Siku moja alirudi kutoka dukani kwa Mhindi macho yakimng'aa. Ameona mashine ya umeme ya kunyolea. Shilingi mia moja na thelathini!

"Baba watoto, umerogwa?" nikamuuliza. "Na nyumba hii haina hata taa ya umeme."

"Ofisini kuna umeme. Nitanyolea kule kabla ya zamu."

Mimi ni Mtaita wa mlimani, pesa haitoki mkononi mwangu kabla haijasema inakwenda wapi. Nikachukua karatasi ya sukari, tukapiga hesabu ya miaka minne. Wembe mmoja senti kumi, nao alinyolea siku mbili tu za kazi: karibu shilingi sitini. Dawa ya kupaka na shabu ya kuzuia damu, arobaini na nane. Sabuni, kumi na mbili. Jumla mia moja na ishirini. Mashine, pamoja na kubadilisha visu vyake mara mbili, mia na hamsini. Nilicheka, nikamwambia aendelee na wembe wake.

Hakubishana. Alisema tu, "Andika na mashati."

Nikaandika. Kola ni mimi niliyezifua. Kila mwaka mashati mawili yalitupwa kwa damu isiyotoka, shilingi kumi kila moja. Themanini kwa miaka minne, na sikuwa nimeyahesabu! Nilijionea aibu. Mwisho wa mwezi uliofuata tulitoa akiba yetu, akainunua.

Wiki mbili za kwanza ngozi bado ilinung'unika, nami nikanuna kwa ajili ya pesa zangu. Kisha shingo ikatulia. Akaanza hata kupiga mluzi akirudi nyumbani.

Haukupita mwaka, barua ikaja. Amepandishwa cheo, awe stesheni masta wa Mwatate. Mshahara mzuri na nyumba ya mawe, na kifungua mimba wetu alikuwa anangoja karo ya kwenda shule ya bweni. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza. Mume wangu alikaa kitini akiitazama barua.

"Mwatate hakuna umeme," akasema. "Ni taa za mafuta tu. Nitaandika kwamba siwezi."

"Unakataa ukubwa kwa sababu ya kidevu?"

"Wewe huvai uso huu. Stesheni masta ndiye wa kwanza kutazamwa."

Nilikasirika, kisha nikamhurumia, na hasira ikarudi tena. Nilipotulia nilimwambia aniletee ile mashine, anieleze inavyofanya kazi. Akanionyesha kifuniko chembamba chenye matundu. Unywele unaingia tunduni, kisu kinaukatia kwa ndani. Kisu chenyewe hakiigusi ngozi.

"Kwa hiyo kinabaki kipande kidogo cha unywele?"

"Kidogo sana. Huwezi kukiona."

Mimi hushona nguo. Uzi ukiukata huku umeuvuta, ncha yake inazama kitambaani. Nikamwuliza alivyokuwa akinyoa kwa wembe. Akaivuta ngozi ya shingo, akapandisha mkono kutoka chini kwenda juu, mara mbili, mara tatu, ili mkaguzi asione kitu. Basi nywele zake za kujikunja zilikatwa zikazama, na zilipoota zikachoma nyama kwa ndani.

Barua ya kukataa alikwisha kuiandika. Nilimwomba asiipeleke kwanza, tujaribu wiki tatu.

Jumapili asubuhi nilimkalisha nje, nikamfunika kitambaa cha maji ya moto mpaka ndevu zikalainika. Nikampaka povu jingi. Nikafungua wembe mpya, nikaushusha kufuata nywele zinakoelekea, mara moja tu, bila kuvuta ngozi. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Nilimaliza, kikabaki kivuli chembamba, lakini damu haikutoka.

Niliendelea hivyo kila asubuhi. Wiki ya tatu mkaguzi alipita, akamtazama, akaendelea na safari yake. Jioni ile tulichoma jikoni ile barua ya kukataa. Mashine tulimuuzia karani wa posta kwa shilingi tisini, hasara ya arobaini, na iliniuma.

Asubuhi ya kwanza Mwatate nilimnyoa mlangoni pa ile nyumba ya mawe. Nilipofika shingoni niliona mikono yake imeanguka mapajani, nikadhani anaumwa. Alikuwa amelala usingizi, shavu lake limeegemea kiganja changu. Sikumwamsha mpaka garimoshi lilipopiga honi.